Bei moja, asilimia au dhamana: ofa ipi umwandikie mwenye bidhaa

Mama mwenye kinu cha unga, huku Kampemba, alinipigia simu siku ya nane baada ya video yake kutoka. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ile elfu sita uliyoniandikia iko wapi?" Nilifungua simu nikaangalia tena. Video ilikuwa imetazamwa mara 1,600. Katika ofa yangu nilikuwa nimeandika kwamba video zangu hutazamwa mara 6,800 kwa wastani. Hesabu haikuwa ya kubuni, niliipata kwenye simu yangu mwenyewe. Lakini Mama alilipia watazamaji ambao sikuwa nao, na mimi ndiye niliyemwambia ninao.

Ninapika mbele ya kamera hapa Lubumbashi: bukari, sombe, samaki wakavu, mikate ya asubuhi, vyote kwenye mbabula ya makala. Tangu siku ile nimeandika ofa za aina tatu kwa wenye bidhaa. Ya kwanza ni bei moja kwa video. Ya pili ni asilimia ya mauzo. Ya tatu ni bei yenye dhamana ya watazamaji. Wenzangu wengi hukwama katikati ya hizo tatu, kwa hiyo naziweka hapa upande kwa upande, nikitumia namba zangu mwenyewe.

Tutazipima kwa nini

Kila ofa nitaiuliza maswali yaleyale. Inasimama juu ya namba gani, na mteja anaweza kuihakiki? Video ikianguka, hasara ni ya nani? Pesa inaingia lini? Inaharibikia wapi? Na inamfaa nani?

Kabla ya hayo, tuangalie namba zenyewe, maana ofa zote tatu zinakula kwenye sahani hiyo moja.

Hizi ndizo video zangu 12 za mwisho kabla ya kumwandikia Mama, kila moja ikihesabiwa siku ya saba baada ya kutoka: 900, 1,100, 1,250, 1,400, 1,600, 1,750, 1,900, 2,100, 2,300, 2,600, 4,200 na 61,000. Ukizijumlisha na kugawanya kwa 12 unapata 6,842. Hiyo ndiyo "wastani" niliyompa. Ziangalie tena: ni video ngapi zilifika 6,800? Moja tu. Hiyo ya 61,000 ni siku mvua iliponikuta uani, mbabula ikapinduka na bukari yote ikaenda kwenye tope. Watu wa Kinshasa, Brussels na Paris walicheka wakatumiana. Hata wa Lubumbashi walioiona walikuja kucheka. Hakuna aliyekuja kutafuta unga.

Namba ya kweli ni ile ya katikati. Panga video zako kutoka ndogo hadi kubwa, chukua iliyo katikati kabisa. Zikiwa 12, chukua ya sita na ya saba ugawanye kwa mbili. Kwangu ni 1,750 na 1,900, yaani 1,825. Video moja iliyolipuka haiwezi kuisogeza namba hiyo. Ndiyo maana video ya Mama, iliyopata 1,600, haikuwa ajali hata kidogo. Ilikuwa video yangu ya kawaida.

Siku ya saba nayo ina sababu yake. Video ya miezi minne iliyopita imekuwa ikiokota watazamaji muda wote huo, ya wiki iliyopita bado. Ukizichanganya bila kuzipa umri mmoja, za zamani zinakupa sifa ambayo ya mteja haitaifikia ndani ya wiki yake. Mimi hupiga picha ya skrini ya kila video siku ya saba, tarehe ikionekana, na kuihifadhi. Kwa Status ya WhatsApp napiga kabla ya saa 24 kuisha, maana baada ya hapo inafutika pamoja na orodha ya walioiona.

Kuna namba mbili zaidi ambazo mwenye duka wa hapa lazima azione. Ya kwanza ni mji. Kwenye takwimu za TikTok angalia watazamaji wanatoka wapi, usitosheke na mji wa wafuasi, kwa kuwa wafuasi wengine waliacha kukuangalia zamani. Kwangu, 38 kati ya 100 ni wa Lubumbashi, na 11 ni wa Likasi na Kolwezi. Kwa hiyo katika 1,825 za kawaida, karibu 700 ni za mji huu. Nasema mara 700, sisemi watu 700, maana mtu mmoja anaweza kuangalia mara mbili. Ya pili ni muda. TikTok inahesabu mara tu video inapoanza kucheza, na YouTube inafanya hivyo kwa Shorts tangu Machi 31, 2025. "Kutazamwa" peke yake hakumwambii mteja kama mtu alibaki. Video zangu za sekunde 60 hutazamwa sekunde 19 kwa wastani, kwa hiyo mfuko wa unga ukionekana kwenye sekunde ya 40, wengi wamekwisha kwenda zao. Siku hizi naandika ndani ya ofa: bidhaa itaonekana kabla ya sekunde ya 10.

Na tafadhali usijumlishe TikTok, Facebook na Instagram kuwa namba moja kubwa. Shangazi yako yuko kwenye zote tatu, na ukijumlisha utakuwa umemuuza mara tatu.

Bei moja kwa video

*Namba inayoibeba.* Ile ya katikati, pamoja na orodha nzima ya video 12, ya chini hadi ya juu. Mteja akiiona 900 na akaiona 61,000 ikiwa na maelezo yake, anajua ananunua nini. Kuihakiki ni rahisi, anafungua ukurasa wako na kuhesabu mwenyewe. Ila umwambie kwamba namba ya leo kwenye video ya zamani itazidi ile ya siku ya saba, asije akashangaa.

*Hasara.* Ni ya mteja. Video ikipata 900, amelipa bei ileile. Kwa sababu hiyo bei lazima isimame juu ya kazi yako, isisimame juu ya ndoto ya 61,000. Mimi nikipika kwa ajili ya video moja, unga, mafuta, samaki, makala, usafiri wa kwenda sokoni na mega za kupandisha video hunigharimu kama dola 22. Nikiongeza siku mbili za kazi, ya kupika na kupiga na ile ya kukata, naomba dola 60. Hiyo ni hesabu yangu, wewe fanya yako, lakini ifanye kwenye karatasi kabla hujaulizwa.

*Pesa.* Nusu kabla ya kupiga video, nusu siku inapotoka. Andika kama ni dola au franka, na kama inapita M-Pesa au Airtel Money andika gharama ya kutoa ni juu ya nani. Hilo linaonekana dogo mpaka siku unapokatwa.

*Inapoharibikia.* Kwenye haki ya kutumia. Mteja anailipia video ikae kwenye ukurasa wako, halafu mwezi wa pili unaikuta kwenye Facebook yake ikiwa tangazo la kulipia, uso wako ukizunguka mji mzima. Hajakuibia, hakuna aliyemwambia haruhusiwi. Andika tangu mwanzo: video inakaa kwangu, na ukitaka kuitumia kwako kwa miezi mitatu, bei yake ni hii.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye bidhaa yake inanunuliwa mbali na macho yake. Mama wa unga ni mfano kamili. Unga wake unatoka kinuni, unakwenda depo, depo inauzia kaduka ka mtaani, na huko mtu ananunua mfuko bila kusema aliuona wapi. Hakuna atakayeweza kuhesabu mauzo yaliyotokana na wewe. Hapo unauza kuonekana, na kuonekana kuna bei yake.

Asilimia ya mauzo

Kwa hii nina ya kusema zaidi, kwa kuwa ndiyo ofa ambayo wenye bidhaa wanaipenda kusikia na ndiyo iliyowaumiza wenzangu wengi.

*Namba inayoibeba.* Hapa watazamaji wako hawalipiwi tena, wanaolipiwa ni wanunuzi. Ungefikiri basi hakuna haja ya kuonyesha namba zako. Ipo, na wa kwanza kuzihitaji ni wewe. Nichukue muuza mbabula bora wa Katuba niliyefanya naye kazi, zile zenye udongo ndani zinazokula makala kidogo. Mbabula moja dola 15, na tulikubaliana 10 kwa 100, yaani dola moja na nusu kwa kila moja. Kwa kuwa mbabula anayo tayari na sinunui chakula kingi, kazi ile ningeiuza kwa dola 40. Ili asilimia inipe dola 40, lazima ziuzwe mbabula 27. Nina mara 700 za Lubumbashi. Kwa hiyo kati ya kila mara 100 ambazo video inaangaliwa hapa mjini, karibu 4 zingepaswa kuishia kwa mtu kutoa dola 15. Hesabu hiyo ilinichukua dakika mbili, na niliifanya baada ya kukubali. Waliouliza bei walikuwa 14, walionunua 9. Nilipata dola 13 na nusu.

Muuza mbabula hakunidanganya. Alinilipa kila mbabula na daftari alinionyesha. Ofa ndiyo haikulingana na ukubwa wangu.

*Hasara.* Yote ni yako. Hata video ikitazamwa vizuri, mvua ya wiki nzima, bei iliyopanda au muuzaji asiyejibu ujumbe vinatosha kukuacha mikono mitupu. Mambo hayo matatu huyashiki wewe.

*Pesa.* Mwisho, na kwa vipande. Kubalianeni siku ya kufunga hesabu. Sisi tuliweka siku 30. Kubalianeni pia kwamba anayerudisha bidhaa hahesabiwi.

*Inapoharibikia.* Kwenye kumtambua mteja wako. Wengi hutumia neno la punguzo, "sema umetoka kwa Yaya wa bukari upunguziwe." Watu husahau kulisema, au wanalisema wakati muuzaji hayupo na aliyekaa dukani ni mdogo wake. Kilichotusaidia ni kiungo cha WhatsApp chenye maneno yaliyokwisha kuandikwa. Mtu akikibonyeza, ujumbe unafunguka tayari, anachofanya ni kutuma:

```
https://wa.me/243XXXXXXXXX?text=Natoka%20kwa%20video%20ya%20bukari
```

Baada ya 243 unaweka namba ya muuzaji bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha, na `%20` ndiyo nafasi kati ya maneno. Kila anayeingia kwa njia hiyo, maneno yako yanabaki kwenye simu ya muuzaji yakiwa na siku na saa. Jioni ya Jumamosi tulikaa tukahesabu pamoja, bila ubishi. Kilichobaki nje ni wale waliokwenda moja kwa moja dukani kwa miguu, na hao sikuweza kuwadai.

*Inamfaa nani.* Anayeuza kwa oda, yeye mwenyewe, kitu chenye faida nene kwa kila kipande: mshonaji wa nguo za harusi, mwenye keki, muuza simu. Na upande wako, inakufaa kama watu wako ni wachache lakini wanakuuliza kila siku ulinunua wapi. Mtu mwenye watazamaji 500 wote wa mtaa mmoja anaweza kupata kwa asilimia kuliko mimi.

Bei yenye dhamana

Hii ndiyo niliyomrudia nayo Mama wa unga baada ya simu ile. Unasema: bei ni hii, naahidi video itatazamwa angalau mara kadhaa ndani ya siku saba, na isipofika, nafanya jambo fulani.

*Namba inayoibeba.* Si wastani, na si hata ile ya katikati. Ukiahidi namba yako ya katikati, utaikosa mara nusu, ndiyo maana yake hasa. Shuka chini. Mimi niliahidi 1,200. Rudi kwenye ile orodha: ni mbili tu zilizo chini yake, 900 na 1,100. Zilizobaki 10 zimepita. Ningeahidi 6,800, ingepita ile ya mvua peke yake. Mteja anahakiki kwa jicho, siku ya saba anafungua video na namba ipo.

*Hasara.* Mnaigawana. Na kwa kuwa nusu yako ina kipimo, unaweza kuitia kwenye bei. Nikikosa mara 2 katika 12, ni mara 1 katika 6, na dhamana yangu ni kupiga video ya pili ambayo gharama yake ni dola 22. Gawanya 22 kwa 6, ni kama dola 4. Kwa hiyo bei yangu ya 60 inakuwa 64, nikaandika 65. Mama alipouliza dola 5 zaidi ni za nini, nilimweleza hivyohivyo. Akasema: "Basi hizo ndizo za kulala usingizi."

*Pesa.* Nusu kabla, nusu siku ya saba namba ikifika, au siku video ya pili inapotoka. Unasubiri kidogo kuliko kwenye bei moja.

*Inapoharibikia.* Siku ya sita. Namba iko 1,050, unajua zimebaki 150, na mtu anakuambia kuna mahali wanauza watazamaji kwa bei ya soda. Usiende. Watazamaji wa kununuliwa hawatoki Lubumbashi, hawabaki hata sekunde mbili, na mteja akiomba picha ya skrini ya miji na muda, vinaonekana. Mimi huandika kwenye ofa kwamba watazamaji wa kulipia, hata wa tangazo halali la TikTok lenyewe, hawahesabiwi kwenye ahadi. Kwa kuandika hivyo nimejifungia mlango mapema, kabla ya siku ya sita.

Inaharibikia pia mteja anapobadilisha video. Akitaka niimbe jina la kinu mara tano katika sekunde kumi za mwanzo, watu watapita, na ahadi ilikuwa ya video ninayoipiga mimi. Andika kwamba dhamana inasimama kama mtindo wa kupika unabaki wako.

*Inamfaa nani.* Mteja aliyeumwa mara moja na anayeogopa, na wewe mwenye video zisizopungua 10 au 12 za aina moja. Ukiwa na video tano tu, huna orodha ya kutosha kujua chini yako ni wapi, na dhamana inakuwa kamari.

Ujumbe wenyewe

Huu ndio niliomwandikia Mama kwa WhatsApp, pamoja na picha mbili za skrini, moja ya video 12 na moja ya miji:

"Jambo yenu Mama. Ni miye wa video ya bukari. Naomba radhi kwa namba niliyowapa mara ya kwanza: ilikuwa imevutwa na video moja ya mvua. Hizi hapa video zangu 12 zote, sijaondoa hata moja. Ya kawaida hutazamwa mara 1,825 kwa siku saba, karibu 700 zikiwa za hapa mjini. Napendekeza video moja ya sekunde 60, mfuko wenu ukionekana kabla ya sekunde ya 10, na alama ya ushirikiano wa kulipwa ikiwa imewashwa. Bei dola 65, nusu kabla. Naahidi mara 1,200 kwa siku saba, isipofika napiga ya pili bila malipo. Watazamaji wa kununuliwa hawahesabiwi. Ahsante Mama, nangojea jibu lenu."

Sehemu ya alama usiiruke. TikTok na Instagram zote zina kitufe cha kuonyesha kwamba umelipwa, na mtazamaji ana haki ya kujua. Mwambie mteja mapema, asidhani umeiweka ili kumwaibisha.

Kwa hali yako

Kama mteja anauza kupitia depo na maduka ya mitaani, na hamjuani vibaya, peleka bei moja na orodha nzima ya video.

Kama mteja ni yuleyule uliyewahi kumwangusha, au amechomwa na mtu mwingine kabla yako, peleka dhamana, na chagua namba ambayo angalau video 10 kati ya 12 zimeipita.

Kama anauza kwa oda na anajibu WhatsApp mwenyewe, asilimia inawezekana, lakini gawanya kwanza bei yako ya kawaida kwa fungu lako kwa kila kipande, uone ni vipande vingapi, kisha uvipime na watazamaji wako wa mji huo. Ikizidi mnunuzi 1 kwa kila mara 100, omba kwanza kiasi kidogo cha mkononi kinacholipa angalau mega na usafiri, asilimia ije juu yake.

Kama nusu ya watazamaji wako wako nje ya nchi, usimpe mwenye duka wa hapa Lubumbashi, wa mtaa wa Kenya au Kamalondo, bei ya namba nzima. Mpe ya mji wake. Ile namba nzima mpelekee anayeuza vitu vinavyosafiri, au anayepokea pesa za ndugu walio ng'ambo kwa ajili ya kununulia familia unga hapa.

Na kama mteja anakupa bidhaa tu bila pesa, hesabu bidhaa hiyo kwa bei ambayo ungeinunua wewe mwenyewe. Mfuko wa unga ninaoula nyumbani ni pesa kwangu. Mbabula ya tatu siihitaji, hiyo nilimrudishia muuzaji kwa heshima.